“Gesi Imeisha”: Jibu Hilo Linamgharimu Mwenye Duka Shilingi Ngapi?

Saa 12 jioni simu inalia kwenye duka la gesi. “Kaka, kilo 15 ipo?” Muuzaji anajibu, “Imeisha dada, gari linakuja kesho.” Aliyepiga anashukuru na kukata simu. Sufuria iko jikoni na watoto wanasubiri chakula, kwa hiyo anatafuta namba ya duka jingine, na baada ya nusu saa bodaboda inamfikishia mtungi mlangoni.

Usiku mwenye duka anafunga hesabu. Daftari la mauzo linaonyesha alichouza, wala hakuna mstari wa yule dada. Akiulizwa amepoteza nini, atajibu kwamba amekosa faida ya mtungi mmoja, tuseme Sh 4,000. Jibu hilo lina kasoro mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja limezidi, kwa sababu si kila anayeambiwa “imeisha” huondoka. Kwa upande wa pili limepungua sana, kwa sababu sasa dada ana namba ya duka jingine, na gesi hununuliwa tena na tena.

Sehemu hizi mbili za hasara zimechunguzwa na wataalamu. Mwaka 2002 Thomas Gruen, Daniel Corsten na Sundar Bharadwaj walikusanya tafiti za maduka ya rejareja kutoka nchi nyingi. Waliona kwamba kwa wastani asilimia 31 ya wanunuzi waliokosa bidhaa waliinunua duka jingine, na asilimia 9 hawakuinunua kabisa. Waliobaki walichukua bidhaa mbadala au waliahirisha. Mwaka 2006 Eric Anderson, Gavan Fitzsimons na Duncan Simester walichapisha utafiti wa kampuni ya Marekani iliyouza kwa katalogi, nao ukaonyesha kwamba kukosa bidhaa leo kunapunguza pia manunuzi ya mteja huyo siku za baadaye. Takwimu hizo hazitoki mtaani kwako, lakini njia yao ya kuhesabu inafanya kazi hata kwenye duka dogo. Tuifuate kwa duka moja la mfano jijini Dar es Salaam.

Duka hili huletewa mzigo mara mbili kwa wiki, yaani takriban mara nane kwa mwezi. Muda kati ya gari moja na jingine tuuite zamu. Kila gari linapofika, mwenye duka hujaza hadi awe na mitungi 24 ya kilo 15. Kwa wastani huombwa mitungi 20 kwa zamu, na kila mtungi unampa faida ya Sh 4,000. Kwa miezi mitano, yaani zamu 40, ameandika daftari la pili: kila aliyeomba gesi akaikosa, namba yake ya simu, na alichofanya baada ya kuambiwa imeisha. Daftari hili ndilo linalobeba kazi yote. Asiyekuwa nalo atakadiria mahitaji kwa mauzo, na mauzo hayawezi kuzidi mitungi 24 hata kama walioomba walikuwa 35.

Katika zamu hizo 40 waliokosa walikuwa 40. Wanane walisubiri gari la kesho yake, 10 walikubali gesi ya kampuni nyingine iliyokuwepo dukani kwa faida ileile, na 22 waliondoka. Kwa hiyo faida ya siku ile ilipotea kwa watu 22 kati ya 40. Zidisha sehemu hiyo kwa Sh 4,000, upate Sh 2,200 kwa kila aliyeambiwa “imeisha”. Hiyo ndiyo hasara ya leo.

Hasara ya kesho inataka subira. Baada ya miezi mitatu mwenye duka anapitia orodha ya namba, akiilinganisha na oda za simu na malipo yaliyoingia kwenye simu yake. Kati ya wale 40, watu 13 hawajarudi. Ni rahisi kusema kwamba wote 13 walikimbizwa na kukosa gesi, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wateja huhama mtaa, hupunguza matumizi au hurudia mkaa hata kama duka halijawahi kuwaangusha. Kwa sababu hiyo anachukua kundi la pili: wateja 40 wa aina ileile walioomba gesi siku hizohizo mzigo ulipokuwepo. Miongoni mwao wanne hawajarudi. Tofauti ya 13 na 4 ni 9, na hao tisa ndio wanaoweza kuhesabiwa kuwa waliondoka kwa sababu ya kukosa.

Mteja mmoja aliyehama ana thamani gani? Familia ya kawaida kwenye duka hili humaliza mtungi wa kilo 15 kwa takriban wiki tano. Hiyo ni mitungi miwili na nusu kwa robo mwaka, yaani faida ya Sh 10,000. Hata hivyo, kundi la pili limetuonyesha kwamba mteja mmoja kati ya 10 huondoka kila robo mwaka kwa sababu zake mwenyewe, kwa hiyo si haki kuhesabu kana kwamba angebaki milele. Robo ya pili tunaihesabu Sh 9,000, ya tatu Sh 8,100 na ya nne karibu Sh 7,300. Jumla ya mwaka ni takriban Sh 34,000. Tunaishia hapo kwa makusudi, kwa kuwa baadhi ya waliohama watarudi na makadirio ya miaka mingi hujaa matumaini kuliko ushahidi.

Wateja tisa kati ya 40, mara Sh 34,000, ni Sh 7,650 kwa kila aliyekosa. Ongeza Sh 2,200 za siku ile, unafika Sh 9,850. Tuite Sh 10,000. Katika kila shilingi 10 zilizopotea, karibu nane zinatoka kwenye mitungi ambayo mteja angeinunua miezi inayofuata. Ndiyo maana anayetazama mauzo ya leo peke yake haoni kinachomla.

Sasa tunaweza kuuliza awe na mitungi mingapi. Kila mtungi wa ziada una gharama yake: fedha iliyolala kwenye chuma na gesi, riba ya mkopo, na nafasi salama yenye hewa ya kutosha. Tuseme kwa duka hili ni Sh 4,000 kwa mwezi, yaani Sh 500 kwa zamu. Mtungi huo ukimwokoa mteja mmoja tu katika zamu 20 umejilipa, kwa sababu Sh 500 mara 20 ni Sh 10,000. Kanuni inatoka hapo yenyewe: ongeza mitungi mpaka nafasi ya kuishiwa ibaki zamu moja kati ya 20. Lengo la huduma ni asilimia 95 ya zamu kupita bila kuishiwa.

Kama angehesabu Sh 2,200 peke yake, kanuni ileile ingemruhusu kuishiwa katika zamu 23 kati ya 100, na lengo lake lingekuwa asilimia 77. Daftari linaonyesha kwamba hapo ndipo alipokuwa. Katika zamu 40, mahitaji yalipita mitungi 24 mara tisa, kwa idadi hizi: 25, 26, 26, 27, 27, 28, 30, 32 na 35. Kwa lengo jipya anaweza kuvumilia kuishiwa mara mbili tu katika zamu 40, na mitungi 30 inatosha. Mitungi sita zaidi itamgharimu Sh 120,000 kwa miezi mitano. Waliokosa wangeshuka kutoka 40 hadi saba, na wale 33 waliookolewa wana thamani ya Sh 330,000.

Lengo hili lazima lisemwe kwa ukamilifu, kwa maana kuna vipimo viwili vinavyochanganywa. Kwa mitungi 24 duka liliombwa mitungi 800 na kukosesha 40, kwa hiyo lilihudumia asilimia 95 ya walioomba. Mwenye duka angeweza kuamini kwamba tayari amefikia asilimia 95 tuliyoitaka. Lakini lengo letu ni asilimia 95 ya zamu, na kwa kipimo hicho alikuwa na asilimia 77. Akiwa na mitungi 30, walioomba wangehudumiwa kwa asilimia 99. Mtu akikutajia asilimia, muulize kwanza ni ya nini.

Je, namba tisa inaaminika? Inatokana na watu 80 tu, kwa hiyo ijaribiwe. Tuseme waliohama kwa sababu ya kukosa ni wanne. Hasara kwa kila aliyekosa inashuka hadi Sh 5,600, na mitungi inayotakiwa ni 28. Wakiwa 14, hasara inapanda hadi Sh 14,100, na mitungi inakuwa 32. Jibu linacheza kati ya 28 na 32, na kwa vyovyote vile 24 ni michache. Huo ndio utulivu tunaoutafuta. Kama jibu lingeruka kutoka 20 hadi 50, mwenye duka angehitaji kuandika miezi mingine kabla ya kutoa fedha yake.

Hesabu hii ina mipaka. Msambazaji akikwama na mtaa mzima ukakosa gesi, mteja hana pa kuhamia, na hasara ya kesho inakuwa ndogo kuliko tulivyokadiria. Zamu zenye uhaba wa namna hiyo ziandikwe pembeni. Hali kadhalika siku za Ramadhani na sikukuu ziwe na daftari lao, kwa sababu mahitaji yake hayafanani na ya mwezi mwingine. Idadi ya mitungi nayo isivuke kile ambacho nafasi na leseni ya duka vinaruhusu. Hapo dawa ni kuomba gari lije mara tatu kwa wiki badala ya kubananisha mitungi.

Wala lengo moja lisipachikwe kwenye kila bidhaa. Regulata huuzwa kwa faida nzuri, lakini mnunuzi akishaipata hairudii kwa muda mrefu, kwa hiyo hasara yake ni ya siku ile tu na inavumilia kuisha mara kwa mara. Mama lishe anayebadilisha mtungi kila wiki ananunua karibu mara tano ya familia ya mfano wetu. Kwake mwaka mmoja una thamani ya zaidi ya Sh 150,000, na inafaa kumwekea mtungi wake pembeni kabla hajapiga simu. Bidhaa mbili zenye faida sawa leo zinaweza kuhitaji malengo tofauti kabisa, na kinachozitenganisha ni mara ngapi mnunuzi wake angerudi.