Kufuta leseni za programu na kuomba fedha za siku zilizobaki

Ikiwa una kampuni ndogo hapa Marekani, huenda unalipia programu ya simu ya kupanga zamu au kuandika saa za kazi. Bei huhesabiwa kwa watu: kila mfanyakazi ana leseni yake. Kazi ikipungua, wafanyakazi huondoka, lakini leseni zao hubaki na zinaendelea kulipiwa.

Jambo la kwanza kujua ni kwamba kumfuta mtu kwenye programu mara nyingi hakupunguzi bili. Jina lake linatoka, ila nafasi yake inabaki wazi, na kampuni inaendelea kuihesabu. Fungua sehemu iliyoandikwa `Billing` uone idadi ya leseni unazolipia. Ikiwa ni 6 na wanaozitumia ni 2, basi 4 unazilipia bure.

Kabla ya kuandika chochote, soma masharti uliyokubali siku ya kununua. Tafuta mambo mawili: kama unaweza kupunguza leseni katikati ya mwaka, na kama fedha zinarudishwa. Baadhi ya kampuni hurudisha fedha kwa muda mfupi tu. Kwa mfano, ukinunua Microsoft 365 ya biashara moja kwa moja kwa Microsoft, unaweza kufuta na kurudishiwa fedha za siku zilizobaki ndani ya siku 7 tangu kununua au tangu mkataba ujirudie. Hakikisha pia umepakua kumbukumbu za saa na malipo ya wafanyakazi wanaoondoka, maana leseni ikifutwa huenda usizipate tena.

Sasa tupige hesabu. Tuseme dada mmoja ana kampuni ya usafi. Amelipa leseni 6 kwa mwaka mzima, 1 Januari hadi 31 Desemba 2025, kila moja dola 180. Mwezi wa Aprili anapoteza kazi ya jengo kubwa na wafanyakazi 4 wanaondoka. Anataka leseni zao ziishe 30 Aprili. Leseni 4 ni dola 720. Kuanzia 1 Mei hadi 31 Desemba ni siku 245. Zidisha 720 kwa 245, gawanya kwa 365, unapata dola 483.29. Hizo ndizo fedha za siku ambazo hazitatumika, na kwa Kiingereza utaona zinaitwa `prorated refund`. Kampuni nyingine huhesabu kwa miezi: miezi 8 kati ya 12, yaani dola 480. Tofauti ni ndogo, lakini ukiandika namna ulivyohesabu, wataona mlipotofautiana.

Barua pepe yake iwe fupi, kama hivi:

*Kichwa: Kufuta leseni 4, akaunti namba …*

*Kwa idara ya malipo,*

*Mimi ni mmiliki wa kampuni ya … Naomba mfute leseni 4 kati ya 6 za akaunti hii kuanzia 1 Mei 2025. Leseni 2 zibaki. Majina ya watumiaji wanaoondolewa ni haya: …*

*Nililipa mwaka mzima kwa ankara namba … Naomba mnirudishie dola 483.29 kwa siku 245 zilizobaki, kwenye kadi niliyolipia.*

*Tafadhali nithibitishieni kwa maandishi tarehe ya kufutwa, kiasi mtakachorudisha, na kwamba mkataba utakapojirudia nitatozwa leseni 2 tu.*

*Asante.*

Tumeiandika kwa Kiswahili ili uelewe kila ombi unalolitoa. Ukishajaza nafasi zilizo wazi, ilete ofisini tuiweke pamoja kwa Kiingereza. Itume kutoka kwenye anwani ya barua pepe uliyosajilia akaunti, la sivyo wanaweza kukataa kuishughulikia.

Ujumbe wa haraka unaosema tu kwamba barua imepokelewa si uthibitisho. Uthibitisho una tarehe, idadi ya leseni na kiasi cha fedha. Usipoupata baada ya siku 5 za kazi, jibu juu ya barua ileile, usianze mpya, ili maneno yote yakae mahali pamoja. Ukipiga simu, andika siku hiyohiyo barua inayotaja mliyokubaliana.

Wakijibu kwamba mkataba hauruhusu kurudisha fedha, bado kuna njia. Omba zile dola zihesabiwe kama malipo ya mwaka ujao kwa leseni 2 zinazobaki. Wakikataa hilo pia, punguza idadi kabla ya siku ya kujirudia, na uombe wathibitishe.

Kama unalipa kila mwezi kwa mkataba wa mwaka, usifunge kadi ili kukwepa malipo. Kampuni inaweza kuhesabu miezi iliyobaki kuwa deni na kulipeleka kwa wakusanya madeni. Ikiwa uliweka dhamana ya jina lako mwenyewe, linaweza kuharibu rekodi yako ya mikopo, ile inayoangaliwa unapotafuta nyumba au gari.