Pendekezo lako la bei: litume kama faili au kama linki?

Umeongea na mteja vizuri, mmeelewana, akakuambia, "Sawa, nitumie pendekezo." Unatuma. Tiki mbili zinageuka bluu. Baada ya hapo, kimya. Siku tatu baadaye unasikia kazi imeenda kwa mtu mwingine.

Mara nyingi shida si bei. Ni kwamba waliopaswa kuamua hawakuifungua kabisa ile kitu uliyotuma.

Tuchukue mfano. Unakodisha tenti na viti hapa Nakuru mjini, na kamati ya harusi kutoka Njoro inataka bei ya Jumamosi tarehe 29 Machi. Aliyekupigia ni katibu wa kamati, lakini si yeye anayeamua. Atatuma ulichomwandikia kwa grupu ya WhatsApp yenye watu kumi na tano. Mwenyekiti ataisoma akiwa kwenye matatu, shangazi ataisoma usiku bando ikiwa imebaki kidogo, na mwishowe mweka hazina ndiye atatuma dipoziti. Kwa hivyo jiulize: hii karatasi itafikaje kwa mtu wa kumi na tano, na atakapoifungua ataona nini?

Bei iende kwa PDF

Ukurasa wenye bei na namba yako ya malipo utume kama faili ya PDF, si linki. Sababu ya kwanza ni kwamba PDF ikishapakuliwa inabaki kwa simu. Shangazi anaweza kuisoma tena kesho bila data.

Sababu ya pili inagusa pesa moja kwa moja. Ukiandika pendekezo kwenye Google Docs, kisha ukashiriki linki yenye ruhusa ya "Editor" kwa kila aliye nayo, yeyote kwenye hiyo grupu anaweza kubadilisha chochote, pamoja na namba yako ya Till. Mweka hazina atalipa namba anayoiona, na wewe utakuwa unangoja dipoziti ambayo haitakuja.

Hata wewe mwenyewe ukibadilisha bei kwenye linki, waliosoma jana na waliosoma leo wana bei mbili tofauti, na kikao kitaishia kwa ubishi. Bei ikibadilika, tuma PDF mpya yenye tarehe mpya, useme wazi kwamba ile ya kwanza haitumiki tena.

Lakini PDF si kufuli. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutengeneza yake inayofanana na yako. Ndiyo maana chini ya namba ya Till uandike pia jina la biashara jinsi linavyotokea kwenye simu ya anayelipa, na umwombe mweka hazina alinganishe hayo majina mawili kabla ya kukamilisha malipo. Yakitofautiana, asitume, akupigie kwanza.

Picha nzito ziende kwa linki

Pendekezo la tenti bila picha halishawishi mtu. Ila picha moja ya simu inaweza kuwa na MB 3 hadi 5. Ukiweka nane kwenye faili, unaweza kupita MB 30. Gmail inakubali viambatisho vya hadi MB 25 tu. Ukizidisha, inaipeleka faili kwenye Google Drive na kumtumia mteja linki badala yake. Barua pepe za maofisi, kama vile kampuni za maua kule Naivasha, zinaweza kuwa na kikomo cha chini zaidi. Ukipata ujumbe kutoka kwa "Mail Delivery Subsystem", jua barua yako imerudi, mteja hajaiona.

Njia rahisi ni kuchagua picha mbili nzuri tu za kuweka ndani ya PDF. Zitume kwanza kwako mwenyewe kwa WhatsApp kama picha za kawaida. WhatsApp huzipunguza uzito, kisha utumie hizo zilizopungua. Faili ya kurasa tatu sasa itakuwa nyepesi, na haitamaliza bando ya mtu.

Picha zingine na video ziweke kwenye folda ya Google Drive, uweke linki yake. Hapa ndipo wengi huanguka. Folda mpya huwa kwenye "Restricted", maana yake ni wewe peke yako unaweza kuiona. Mteja akibonyeza anakuta ameambiwa aombe ruhusa. Wachache sana wataomba. Nenda kwa "Share", ubadilishe iwe "Anyone with the link", na ruhusa iwe "Viewer". Kisha jipime: fungua hiyo linki kwenye "New Incognito tab" ya Chrome, ambapo hujaingia kwa akaunti yako. Ikifunguka hapo, itafunguka Njoro.

Usifupishe linki. Watu wameonywa sana kuhusu linki za matapeli, na linki fupi inaficha mahali inakoenda. Iache ionekane ilivyo, na useme kwa maneno kuna nini ndani.

Ule mstari wa kwanza

"Please find attached" au "Tafadhali pata kiambatisho" haimwambii mtu chochote. Faili anaiona tayari. Mstari wako ufanye kazi nne: useme hii ni nini na ya siku gani, ni kiasi gani, bei inashika hadi lini, na unataka jibu gani.

Kwenye mfano wetu, tenti 5 kwa Sh6,000 kila moja ni Sh30,000. Viti 500 kwa Sh20 ni Sh10,000. Usafiri hadi Njoro ni Sh8,000. Jumla ni Sh48,000, na dipoziti ni nusu. Basi unaandika hivi:

"Habari za asubuhi, Katibu. Hili ni pendekezo la tenti 5 na viti 500 vya harusi ya Jumamosi 29 Machi, Njoro, kama tulivyoongea jana. Kurasa 3, jumla Sh48,000 pamoja na usafiri. Bei hii inashika hadi Ijumaa 14 Machi. Naomba kamati inithibitishie idadi ya viti kufikia siku hiyo. Picha zaidi ziko kwa linki iliyo ukurasa wa 3. Haiulizi PIN wala nenosiri."

Mtu ambaye hatafungua faili bado amejua bei na siku ya mwisho. Na swali la mwisho ni dogo. Ni rahisi katibu kujibu "viti viwe 450" kuliko kujibu "Mmeonaje?"

Kwa WhatsApp, andika huo mstari kwenye ile nafasi ya maelezo chini ya faili kabla ya kubonyeza tuma. Ukiuandika kama ujumbe tofauti, katibu akiforwadi faili pekee, maneno yako yanabaki kwake. Yakiwa kwenye faili, kwa kawaida yanasafiri nayo hadi kwa grupu. Kwa barua pepe, kichwa kiwe na kazi, mahali na tarehe: "Tenti na viti, harusi ya Njoro, 29 Machi".

Jina la faili nalo liangalie. "final final 2.pdf" haitapatikana mweka hazina akiitafuta siku ya kulipa. "Tenti-Njoro-29Machi-Sh48000.pdf" ataipata mara moja, alinganishe jina la Till, atume dipoziti.