Kwa Nini Sikuuweka Mkato Ule

Wakili mmoja wa Dar es Salaam alinirudishia prufu ya mkataba wa pango ikiwa na swali lake juu ya ukurasa: kama niliona tatizo kwenye kifungu cha 7, mbona sikulirekebisha palepale, kama nilivyorekebisha tahajia katika kurasa nyingine zote? Alikuwa na haki ya kuuliza. Sentensi nilikuwa nimeiacha kama ilivyokuja, na kwenye pambizo nimeandika swali kwa penseli na kulizungushia duara. Duara lile ni desturi ya kazi yetu. Maneno yaliyomo ndani yake hayachapwi. Ni mazungumzo kati ya msahihishaji prufu na mwenye andiko. Nilimjibu kwa barua, nayo naitoa hapa kwa ruhusa yake, majina nikiwa nimeyaondoa.

Wakili Msomi,

YAH: SWALI LA PAMBIZONI, KIFUNGU CHA 7

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sentensi yenyewe inasema: "Mpangaji atagharimia matengenezo ya vyumba na vifaa vilivyoharibiwa kwa uzembe wake." Haina kosa la tahajia wala la sarufi, na ndiyo maana sikuwa na cha kusahihisha. Shida yake ni kwamba inasomeka kwa njia mbili. Maneno "vilivyoharibiwa kwa uzembe wake" yanaweza kuhusu vifaa peke yake, au vyumba na vifaa kwa pamoja. Mara nyingi ngeli hutuamulia mambo ya namna hii, lakini hapa vyumba ni "vi" na vifaa ni "vi", kwa hiyo haituamulii chochote. Hata tungeandika "kuta na vifaa" tusingekuwa salama, kwani vitu vya ngeli tofauti vikitajwa pamoja watu wengi huvipa "vi" vyote.

Tuseme masika inaezua bati na dari la chumba cha nyuma linaporomoka. Kwa usomaji wa kwanza, mpangaji anatengeneza, maana vyumba ni mzigo wake kwa hali yoyote na uzembe unahusu vifaa tu. Kwa usomaji wa pili hadaiwi kitu, maana mvua si uzembe wake.

Nilifikiria kuweka mkato baada ya "vyumba". Ungependeza, lakini ungeelekeza sentensi kwenye usomaji wa kwanza na gharama ya dari ingemwangukia mpangaji. Nilifikiria pia kuandika "vyumba na vifaa, endapo vyote viwili au kimojawapo kitaharibiwa kwa uzembe wake". Hapo gharama ingerudi kwa mteja wako, mwenye nyumba. Sikupata marekebisho ambayo yangeondoa utata bila kuchagua upande, na walichokubaliana wawili hawa mimi sikijui. Unakijua wewe.

Ungeweza kuuliza kwa nini sikuandika badiliko hilo kwa alama za masahihisho ukalikataa mwenyewe kama hulitaki. Niliogopa lisionekane. Mkato mmoja uliowekwa katikati ya mikato mingine mingi husomwa kama usafi wa lugha. Kazi ikiwa ya kompyuta hatari huzidi, kwa sababu katibu muhtasi hubonyeza mara moja na masahihisho yote yanakubaliwa, lile la hela likiwemo. Swali haliwezi kukubaliwa kwa kubonyeza. Lazima lijibiwe.

Nimeandika A na B pembeni ili jibu lako liwe herufi moja tu. Naomba kuwasilisha.

Barua iliishia hapo. Kwa msomaji asiye wa kazi hii, huenda mpaka wenyewe bado haujakaa sawa, kwa sababu si suala la ukubwa wa badiliko. Ninaweza kurekebisha "mkatabata" kuwa "mkataba" mara kumi bila kumuuliza mtu. Lakini nikikuta "mpangaji" mahali ambapo mantiki inadai "mpangishaji", nauliza, hata kama nina hakika kwamba ni kosa la kuchapa. Kompyuta haitalipigia mstari, maana yote mawili ni maneno halali, na anayelirekebisha anahamisha wajibu kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Fedha ni vivyo hivyo. Mkataba ukisema "Sh. 1,200,000 (shilingi milioni moja na laki moja)", najua kwamba kimoja kimekosewa, ila sijui ni kipi. Hata ule mtindo wa kubadilisha maneno ili yasijirudie, ambao waandishi wa hadithi hutuomba, kwenye mkataba huleta balaa: aliyeitwa "mpangishaji" kifungu cha 2 akiitwa "mwenye mali" kifungu cha 9, mtu ataanza kuuliza kama ni watu wawili.

Kinachoponza zaidi ni kanuni za mtindo. Kila chumba cha uhariri kina zake, na msahihishaji huzitii hadi mkono unazoea kuliko akili. Huko Maine, Marekani, sheria ya malipo ya saa za ziada ilitaja kazi zisizolipiwa nyongeza katika vyakula fulani: kusindika, kugandisha, kukausha, kuhifadhi na nyingine, ikamalizia kwa "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza". Kabla ya "au" hapakuwa na mkato. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walisambaza, hawakufungasha. Wakadai kwamba kilichotajwa mwishoni ni kufungasha tu, kuwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza, na kwamba kazi yao haimo. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba sheria ina utata na ikaisoma kwa faida yao. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Mwongozo wa waandishi wa sheria wa jimbo hilo ndio uliokuwa unawaelekeza wasiweke mkato mahali pale. Msahihishaji ambaye angeukuta na kuufuta angekuwa ametii kanuni yake kikamilifu.

Huo ni utata wa Kiingereza. Tangu 2021 sheria za Tanzania zina Kiswahili kama lugha yake, na Kiswahili kina mitego yake, ambayo mingi haiko kwenye mkato. Iko kwenye ngeli zinazofanana kama vyumba na vifaa, na kwenye "wake" ambayo haisemi ni ya nani wanapotajwa watu wawili.

Lakini swali nalo lina namna ya kuandikwa. "Tafadhali hakiki" pembeni ni kumtupia mwenzako kazi. Wakili ataitazama sentensi, ataiona iko sawa kwa jinsi alivyoikusudia alipoiandika, kisha ataipitisha. Lazima aonyeshwe usomaji wa pili, kwa sababu huo ndio asiouona. Pia msahihishaji asimfundishe sheria. Mimi nilitaja masika na dari, nikaishia hapo. Na maswali yawe machache: prufu yenye swali kila mstari hujibiwa kwa "endelea tu".

Wakili alinipigia simu siku iliyofuata baada ya kuzungumza na mteja wake. Hakuchagua A wala B. Kumbe walikuwa wamekubaliana kwamba paa, dari na mabomba ni ya mwenye nyumba daima, kwamba rangi na vitasa ni vya mpangaji daima, na kwamba uzembe unahusu majiko na mafeni tu. Alikigawa kifungu cha 7 kuwa vifungu vidogo vitatu, akaniletea ukurasa mpya. Niliposoma prufu ya pili, kifungu cha 11 bado kilikuwa kinarejelea "kifungu cha 7" kwa jumla. Nikaandika swali jingine pembeni: 7(a), 7(b) au 7(c)?