Jibu la lori la Koboko

Lori la magunia ya maharage limetoka Arua kwenda Koboko. Kwenye sehemu tambarare, iliyonyooka, linakwenda kilomita 60 kwa saa bila kubadilika. Je, msukumo wa mbele ni (A) mkubwa kuliko upinzani wa hewa na barabara, (B) sawa nao, au (C) haupo, lori likibebwa na nguvu iliyobaki ndani yake tangu lilipoondoka?

Wengi huchagua A, hata madereva wazoefu. Jibu ni B. Tuseme lori na mzigo ni kilo 10,000, na msukumo umezidi upinzani kwa nyutoni 1,000. Ziada hiyo ikidumu dakika moja, mwendo utapanda hadi karibu kilomita 82. Dizeli huendelea kuungua kwa sababu upinzani haukomi, si kwa sababu msukumo umezidi.

Mwanafunzi wa A anaamini kuwa mwendo wowote hudai nguvu ya ziada. Wa C anadhani nguvu huwekwa akiba ndani ya kitu. Kila mmoja anahitaji somo lake, ndiyo maana alama ya kosa peke yake haimsaidii mwalimu. David Hestenes na wenzake huko Marekani walitunga mtihani wa namna hii mwaka 1992.

Lakini anayebahatisha naye hupata B mara moja katika tatu. Basi liongezwe swali la pili: dereva akiachia mafuta, upinzani hubaki? Aliyejibu B kwa kuelewa atasema hubaki, nao ndio unaopunguza mwendo.