Ampia zilishuka, bili ikabaki pale pale: siri ya pawa fakta kwenye pembetatu moja

Leo nataka tuongelee vile viboksi vya kuchomeka ukutani vinavyouzwa kwa maneno kwamba vinapunguza matumizi ya umeme. Mjomba wangu kanunua kimoja. Mwezi umepita, uniti za LUKU zinakwisha vile vile, na yeye anaapa kwamba hakutapeliwa maana aliona kwa macho yake mwenyewe. Nilimwuliza, "Mjomba, uliona nini?" Akanijibu, "Niliona ampia zinashuka!"

Na kweli zilishuka. Muuzaji alikuwa na kibao chenye glopu ya kawaida, ile ya waya unaowaka, imeunganishwa mfululizo na choki ya tyubulaiti (kile kipande kizito cha chuma kinachokaa ndani ya fremu ya taa). Mita ya ampia ilisoma 0.36. Alipochomeka kiboksi ikasoma 0.29. Akapiga hesabu mbele ya watu: umeokoa karibu asilimia 20. Watu wakatoa hela.

Mimi nilisoma fizikia kidogo, basi nikaenda kwa fundi wa mtaani kwetu, tukatengeneza kibao kama kile: glopu ya wati 100 na choki ya tyubu ya wati 36. Tukapima volteji sehemu tatu. Angalizo: huu ni umeme wa ukutani, unaua. Usijaribu peke yako. Fanya na fundi anayejua kazi yake.

Tulichosoma ni hiki:

Volteji ya ukutani: 230
Volteji kwenye glopu peke yake: 165
Volteji kwenye choki peke yake: 141
Mkondo: ampia 0.36

Sasa jumlisha glopu na choki. 165 na 141 ni 306. Lakini ukutani tumepewa 230 tu! Hizo volti 76 za ziada zimetoka wapi? Fundi alidhani mita yake imeharibika. Mita ni nzima. Kosa ni kujumlisha vitu ambavyo havifiki kileleni kwa wakati mmoja.

Umeme wetu unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20. Kwenye glopu, volteji na mkondo vinapanda pamoja na kushuka pamoja. Choki ni koili, na koili haipendi mkondo ubadilike. Kwa hiyo volteji yake inafika kileleni kwanza, mkondo unafuata nyuma karibu robo ya mzunguko. Glopu ikiwa kileleni, choki imeshapita kilele chake. Ndiyo maana huwezi kujumlisha vilele viwili kama unavyojumlisha hela.

Dawa yake ni mchoro wa fezori. Kila volteji unaichora kama mshale: urefu wa mshale ni ukubwa wa volteji, na mwelekeo wake unaonyesha imetangulia au imechelewa kiasi gani. Kwenye sakiti ya mfululizo kuna kitu kimoja ambacho ni kile kile kila mahali, nacho ni mkondo. Kwa hiyo mkondo ndio unalazwa chini kama msingi, na volteji zote zinapimwa kutoka kwake. Wanafunzi wengi hukosea hapa, wanalaza volteji ya ukutani halafu mchoro unawachanganya.

Chukua karatasi, rula na bikari. Tumia kipimo cha sentimita 1 kwa volti 20.

Kwanza, piga mstari wa kulala wa sentimita 8.25. Hiyo ni glopu, volti 165. Umelala juu ya msingi kwa sababu glopu inakwenda sawa na mkondo. Mwanzo wa mstari uite A, mwisho wake B.

Pili, fungua bikari sentimita 7.05, yaani volti 141 za choki. Weka sindano kwenye B, chora tao upande wa juu.

Tatu, fungua bikari sentimita 11.5, volti 230 za ukutani. Weka sindano kwenye A, chora tao likate lile la kwanza. Zinapokatana paite C. Unganisha A na C, kisha B na C.

Umepata pembetatu, na zile volti 76 hazikusumbui tena. Ukitoka A kwenda B kisha C umetembea njia ndefu. Ukitoka A kwenda C moja kwa moja umekata kona. Mita ya ukutani inasoma njia ya mkato.

Sasa tuisome. Weka protrakta kwenye A, upime pembe kati ya msingi na mshale wa ukutani. Utapata kama digrii 37. Hiyo ndiyo pembe ambayo mkondo umechelewa nyuma ya volteji ya ukutani, sawa na milisekunde 2 hivi. Kosaini ya pembe hiyo ndiyo pawa fakta. Kama huna jedwali la kosaini usihangaike: shusha mstari wima kutoka C mpaka kwenye msingi (itabidi uurefushe kidogo kupita B). Pale unapogusa paite D. Pima A mpaka D, utapata sentimita 9.13 kama mkono wako umetulia. Gawanya kwa 11.5:

9.13 ÷ 11.5 = 0.794

Nguvu halisi, ile inayogeuka joto na mwanga, ni volteji mara mkondo mara pawa fakta:

230 × 0.36 × 0.794 = wati 65.7

Ukizidisha 230 kwa 0.36 bila pawa fakta unapata 82.8. Hizo si wati, zinaitwa volti-ampia. Kila mzunguko kuna vipindi viwili, kila kimoja kama milisekunde 2, ambapo volteji imeshageuka upande na mkondo bado haujageuka. Katika vipindi hivyo sakiti inarudisha kwenye laini nishati ambayo choki ilikuwa imeihifadhi kwenye sumaku yake. Inakopa, inarudisha, inakopa tena. Mkondo wa kukopa na kurudisha unapita kwenye waya na mita ya ampia inauona, lakini hakuna kilicholiwa.

Kuna kitu kingine kwenye mchoro ambacho nakipenda. Angalia kipande kidogo kati ya B na D. Kina sentimita 0.88, yaani kama volti 17.6. Kama choki ingekuwa koili tupu isiyokula kitu, mshale wake ungesimama wima kabisa na D ingeangukia juu ya B. Wetu umelalia mbele kidogo. Zidisha 17.6 kwa 0.36, unapata wati 6.3. Hilo ndilo joto la choki: waya wake una ukinzani na chuma chake kinachemka. Iguse choki ya tyubu iliyowaka saa nzima (zima umeme kwanza!) utaelewa. Glopu nayo inakula 165 × 0.36, yaani wati 59.4. Jumlisha na 6.3, jibu ni 65.7. Hesabu imefunga.

Ndiyo maana usikimbilie kuchora pembe ya mraba kwenye B kama mifano mingi ya vitabuni. Ukifanya hivyo utagawa 165 kwa 230 upate 0.717, na joto la choki litapotea kwenye hesabu. Namna ya kugundua ni rahisi: kama pembe ingekuwa ya mraba, 165 na 141 zingekupa 217 kwa kanuni ya Pithagora. Mita inasema 230. Basi si ya mraba.

Turudi kwa mjomba. Kiboksi chake tulikifungua. Ndani mna kapasita, taa ndogo ya kijani na vikorokoro viwili vitatu. Ukikichomeka ukutani kinakaa sambamba na sakiti, na kapasita ni kinyume cha choki: mkondo wake unatangulia. Choki ikitaka kukopa, kapasita iko pale pale inamkopesha, kwa hiyo ile safari ya kwenda na kurudi haiendi tena mpaka kwenye laini ya mtaa. Kapasita ya maikrofaradi 3 inatosha kabisa kwa kibao kile. Mkondo wa laini unabaki ule unaofanya kazi tu:

0.36 × 0.794 = ampia 0.29

Hapo muuzaji hakudanganya! Lakini sasa pawa fakta imekuwa 1, na 230 × 0.29 inakupa zile zile wati 66. Glopu inawaka vile vile, choki inachemka vile vile. Mita ya LUKU inahesabu nguvu halisi, kinachorudishwa haikulipishi. Washa kibao saa 10, bila kiboksi ni uniti 0.66, na kiboksi ni uniti 0.66. Kitu pekee kinachopungua kwako ni joto la waya za ndani ya nyumba. Kama waya wako una ukinzani wa omu 1, unaokoa kama wati 0.05. Ile taa ya kijani ya kiboksi inaweza kula hiyo yote.

Je, kapasita haina maana popote? Inayo. Wateja wakubwa kama viwanda hulipia pia kVA, kwa hiyo wao ampia za kukopa zinawauma. Na mwenye jenereta ndogo naye ajihadhari: jenereta inachoka kwa ampia, haijali kama zinafanya kazi au zinatembea tu. Vibao kumi kama kile vinakula wati 657 lakini vinahitaji volti-ampia 828.

Neno la mwisho kwa mnaosoma hapa mbele ya kompyuta. Pembetatu hii inafanya kazi pale ambapo mkondo unapanda na kushuka kwa wimbi laini. Pawa saplai nyingi za bei nafuu na taa nyingi za LED zinavuta mkondo kwa kushtuka, kidogo kidogo kwenye kilele cha volteji. Pawa fakta yake huwa chini kwa sababu ya umbo la wimbi, hakuna mshale mmoja wa kuuchora, na kapasita ya kwenye kiboksi haiirekebishi. Huko unahitaji mita inayosoma wati moja kwa moja.

Mjomba nilimwonyesha karatasi. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo nilinunua kapasita." Ndiyo, mjomba, ulinunua kapasita.

Kama kuna mdau amepima chake akapata tofauti, aweke hapo chini volteji zote tatu na ampia, tuchore pamoja. Naomba kuwasilisha.