Je, Wajua? Jibu la 0.9 linaweza kukudanganya

Swali la mtihani wa uchumi linasema: bei ya mkate imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,200, na mauzo ya siku yakashuka kutoka mikate 100 hadi 82. Tafuta unyumbufu wa mahitaji kwa bei.

Wengi hugawanya kwa thamani za mwanzo. Mauzo yamepungua asilimia 18, bei imeongezeka asilimia 20, na 18 ÷ 20 ni 0.9 (alama ya kutoa huachwa). Jibu liko chini ya 1, kwa hiyo wanaandika kwamba mahitaji si nyumbufu na mapato yataongezeka. Sasa zidisha bei kwa idadi: kabla, mwokaji alipata shilingi 100,000, baada ya kupandisha, 98,400. Mapato yameshuka!

Kosa halimo kwenye hesabu, limo kwenye kigawanyo. Mabadiliko yanapokuwa makubwa, tumia wastani wa thamani mbili. Wastani wa mikate ni 91, wa bei ni 1,100. Pungufu la mikate 18 ni asilimia 19.8 ya wastani wake, na ongezeko la shilingi 200 ni asilimia 18.2. Unyumbufu ni takriban 1.09: mahitaji ni nyumbufu, na bei ikipanda mapato hupungua, kama fedha zenyewe zinavyoonyesha.

Njia hii ya wastani haipingani kamwe na mapato, tena hutoa jibu lilelile bei ikirudi 1,000. Kwa hiyo kabla ya kuandika aina ya unyumbufu, zidisha bei kwa idadi pande zote mbili.