Duka la Kanga Linapotaka Tovuti: Namna ya Kumwandikia Mbunifu

Ujumbe ambao wenye maduka wengi humtumia mbunifu wa tovuti ni wa mstari mmoja: "Habari kaka, nataka websaiti ya duka langu, iwe nzuri na ya kisasa. Bei gani?" Mbunifu anataja bei, wanavutana kidogo, malipo ya awali yanatumwa, kazi inaanza. Mwezi unapokatika ndipo ugomvi unapoanza. Mwenye duka alitarajia mteja alipie papo hapo kwa simu, ilhali mbunifu alitengeneza kurasa tano zenye picha na namba ya kupiga. Ukiwasikiliza, kila mmoja ana haki yake, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa ni kitu gani hasa walikubaliana.

Kinachokosekana ni maelezo ya kazi: kurasa mbili hivi ambazo mwenye duka anaziandika kabla bei haijatajwa. Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la kanga na vitenge Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Anauza rejareja na jumla. Wateja wake wa jumla wako Mwanza, Mbeya na Songea. Wanaagiza kwa WhatsApp, wanatuma pesa kwa Lipa Namba, naye anapakia mzigo kwenye basi. Ana shilingi 1,500,000 na anataka tovuti iwe hewani kabla ya msimu wa Idi.

Wengi huanza maelezo kwa rangi na nembo. Mama huyu aanze na namna anavyouza, maana hayo ndiyo mbunifu hayajui na hawezi kuyabuni. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana. Asipoambiwa, kijana aliyezoea kutengeneza tovuti za viatu ataweka kitufe cha kuongeza idadi, na mteja ataandika 1 akiwaza doti huku mwingine akiandika 2 akiwaza vipande. Kitenge kinakwenda kwa pisi ya yadi 6, na duka hili hukubali kukata nusu, yadi 3. Mteja wa kanga mara nyingi huulizia kwa jina, yaani ule msemo ulioandikwa kwenye kitambaa, kwa hiyo sehemu ya kutafutia lazima isome majina hayo. Pia kuna jambo linalotofautisha biashara hii na duka la sabuni: mtindo ukiisha, mara nyingi haurudi. Doti zikiwa 12, ni hizo tu. Tovuti isiyoonyesha kwamba mzigo umekwisha itampokelea mama huyu pesa za kanga asizokuwa nazo.

Katika karatasi yake, sehemu hiyo inaweza kusomeka hivi: "Ninauza kanga kwa doti na vitenge kwa yadi 6 au yadi 3. Kila bidhaa iwe na namba yake, jina, bei ya rejareja, bei ya jumla kuanzia doti 10, na idadi iliyobaki. Idadi ikifika sifuri, bidhaa ibaki inaonekana lakini iandikwe 'Imekwisha' na isiweze kuagizwa. Mimi mwenyewe niweze kubadilisha bei na idadi kwa simu yangu bila kukupigia." Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko zote. Tovuti ambayo mwenye duka hawezi kuigusa hubaki na bei za mwaka jana, na mteja akikuta bei ya dukani ni tofauti huona amedanganywa.

Linalofuata ni malipo, na ndilo linalopandisha au kushusha gharama. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni mteja kulipia ndani ya tovuti kwa pesa za simu au kadi, kupitia kampuni ya kati inayopokea malipo na kuyaingiza kwenye akaunti ya duka. Kampuni hizo hukata ada kwa kila muamala, na kwa kawaida hutaka nyaraka za biashara kama leseni na namba ya mlipakodi kabla ya kukuunganisha. Njia ya pili ni kila bidhaa kuwa na kitufe kinachofungua WhatsApp ya duka, ujumbe ukiwa umeshaandikwa. Kiungo chake kina umbo hili, namba ikianza na 255 bila sifuri wala alama ya kujumlisha:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naulizia%20kanga%20K-014
```

Kwa duka hili ningechagua njia ya pili kwa mwaka wa kwanza. Wateja wake wa jumla wamezoea kuzungumza bei, nauli ya mzigo wa basi hubadilika kulingana na uzito na mji, na mama anataka kuthibitisha mzigo upo kabla hajapokea shilingi ya mtu. Duka lenye bei zisizobadilika na wateja wengi wa rejareja lingefaa njia ya kwanza. Lililo muhimu ni kuandika wazi ipi inatakiwa, kwa sababu neno "malipo" peke yake lina kazi ya siku moja na kazi ya wiki mbili ndani yake.

Picha nazo hukwamisha kazi nyingi kuliko jambo jingine lolote. Mbunifu hukubali tarehe akidhani picha zipo. Mwenye duka hudhani mbunifu atakuja kupiga. Maelezo ya kazi yataje bidhaa ngapi zitaanza, tuseme 60, nani atapiga picha, na zitakabidhiwa lini. Ukipiga mwenyewe kwa simu, tandika kitambaa mlangoni penye mwanga wa mchana bila jua la moja kwa moja, piga picha moja ya pindo na mji wa kanga vikionekana vyote, na nyingine ya karibu inayosomesha jina. Ipe picha namba ile ile ya bidhaa, K-014, K-015, ili mbunifu asikisie ipi ni ipi.

Kisha kuna uzito wa picha. Picha moja ya simu ya siku hizi hufika megabaiti 4 kwa urahisi. Ukurasa wenye bidhaa 20 unakuwa megabaiti 80, na mteja wa Songea anayetumia kifurushi cha siku ataufunga kabla haujamaliza kufunguka. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa huo huo unashuka hadi megabaiti 4. Mbunifu mzuri hulifanya hilo bila kuombwa, lakini liandikwe, pamoja na namna ya kulipima: tovuti ifunguliwe kwenye simu ya bei ya chini, kwa intaneti ya simu na si ya waya ya ofisini, na bidhaa za kwanza zionekane ndani ya sekunde 5.

Sasa pesa. Wafanyabiashara huficha bajeti wakiamini mbunifu akiijua ataimaliza. Kwa kitambaa cha dukani, ambacho kipo mezani na thamani yake inajulikana, mbinu hiyo inaeleweka. Kwa kitu ambacho hakijatengenezwa inamdhuru mnunuzi, kwa sababu mbunifu asiyejua kiwango hukadiria kazi ndogo kuliko unayoitaka ili asikukimbize, kisha anadai nyongeza kwa kila ombi. Mama wa Mtaa wa Uhuru aandike kwamba ana 1,500,000, na kwamba ndani yake 200,000 ametenga kwa ada za mwaka wa kwanza za jina la tovuti na nafasi ya kuhifadhia, ambazo atazilipa mwenyewe moja kwa moja. Inabaki 1,300,000 ya mbunifu: asilimia 40, yaani 520,000, kazi inapoanza, 390,000 mwonekano wa kurasa ukikubaliwa, na 390,000 ya mwisho tovuti ikikabidhiwa na kupita majaribio. Ada za jina na hifadhi hurudi kila mwaka. Wengi huzisahau, na mwaka wa pili tovuti inazimika bila wao kujua sababu.

Kulipa ada hizo mwenyewe kuna faida nyingine kubwa zaidi, nayo ni umiliki. Majina yanayoishia na .co.tz husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, chini ya usimamizi wa TCRA. Jina lisajiliwe kwa jina la duka na kwa barua pepe ya mwenye duka. Likisajiliwa kwa barua pepe ya mbunifu, siku mkikosana au akihamia nchi nyingine, jina ambalo umelichapisha kwenye mifuko na kadi zako liko mikononi mwake. Kulijua hilo mapema ni rahisi: muulize mbunifu akutumie risiti ya usajili na akuonyeshe ni barua pepe gani inayopokea taarifa za kuhuisha. Akisita, simamisha kazi hapo hapo.

Tarehe ya mwisho nayo isiwe "kabla ya Idi" tu. Anayenunua kitenge cha Idi anahitaji muda wa kukipeleka kwa fundi, na mafundi hufunga oda Ramadhani ikifika katikati. Mteja wa jumla wa Mbeya anataka mzigo hata mapema zaidi, ili naye auze. Kwa hiyo tovuti ya mama huyu inatakiwa kuwa hewani mwanzo wa Shaaban. Ukirudi nyuma wiki sita, mbili za mwonekano na picha, mbili za ujenzi, moja ya masahihisho na moja ya majaribio na wateja wachache anaowaamini, unakuta kazi lazima ianze kabla Rajabu haijaingia. Hesabu hiyo ikiandikwa, pande zote mbili zinaona kwamba kuchelewesha picha kwa wiki moja ni kuisogeza Shaaban.

Ndiyo maana tarehe zimfunge mwenye duka pia: "Nitakujibu ndani ya siku 3 kila unaponitumia kitu cha kukagua. Nikichelewa, tarehe ya mwisho inasogea kwa siku hizo hizo. Masahihisho ni awamu mbili. Ya tatu nitailipia." Mbunifu akisoma hivyo hujua anafanya kazi na mtu makini, na huwa radhi kushusha bei kwa sababu hana haja ya kuongeza akiba ya usumbufu.

Maelezo hayo yatumwe kwa wabunifu watatu na majibu yao yalinganishwe. Usianze na bei. Anayetaja bei dakika chache baadaye bila swali hata moja hajayasoma, hata kama bei yake ni tamu. Anayeuliza kama bei ya jumla ionekane kwa kila mtu au kwa wateja waliosajiliwa tu, au nani atajibu WhatsApp usiku, ameanza kuliona duka lako. Maswali yake yajibu kwa maandishi, majibu hayo yaambatanishe na maelezo ya kazi, wote wawili mweke saini, ndipo utume ile 520,000.